Ile L Iliyojificha Mwishoni mwa Kitenzi

Barua za mwezi huu zimetoka pwani ya kusini: Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Lindi mjini. Zote zinauliza habari ya vitenzi vinavyorefushwa, yaani kauli ya kutendea na ya kutendesha, na namna ya kuviandika bila kukosea. Nimezipanga ili jibu la kwanza lisaidie kuelewa la pili.

Shikamoo mwalimu. Hapa Masoko tumebishana kijiweni. Mwenye mashua anayepeleka watu Kilwa Kisiwani anataka kuandika kibao. Mmoja kasema iwe "mashua ya kuvukia", mwingine "ya kuvushia watu", wa tatu "ya kuvukishia watu". Nani yuko sawa?

Marahaba. Wawili wa kwanza wako sawa wote, ila hawasemi jambo moja. Wa tatu amekosea, na kosa lake linafundisha.

Tuanze na kitenzi *vuka*. Mzizi wake ni *vuk-*, na ile *-a* ya mwisho ni kiishio tu. Ukitaka kutaja chombo ambacho mtu anakitumia yeye mwenyewe kuvuka, unaingiza kinyambulisho cha kutendea, *-i-*, unapata *vuk-i-a*. Basi "mashua ya kuvukia" ni chombo cha msafiri. Mtu aliyesimama gatini akitazama Kisiwani ng'ambo anaweza kuuliza: "Hakuna mashua ya kuvukia?"

Mwenye mashua lakini havuki tu. Yeye anawafanya wengine wavuke, na hiyo ni kauli ya kutendesha. Wengi hudhani kutendesha ni kuongeza *-ish-* au *-esh-* basi. Vitenzi vingi ndivyo vilivyo: pika, pikisha, soma, somesha. Lakini Kiswahili kina kutendesha kwingine kwa zamani zaidi, ambako baada ya mzizi palikuwa na sauti nyembamba iliyokaribia y. Sauti hiyo ilipogusana na k, zote mbili ziliyeyuka zikawa *sh*. Ndiyo maana waka imezaa washa, anguka imezaa angusha, amka imezaa amsha, kumbuka imezaa kumbusha. Na vuka imezaa *vusha*. Nahodha anavusha watu.

Sasa chombo anachotumia kuwavushia tukipe kinyambulisho cha kutendea: *vush-i-a*. Angalia mpangilio: kutendesha kumekaa karibu na mzizi, kutendea kumefuata nyuma. Anayetangaza huduma yake aandike "mashua ya kuvushia watu".

Aliyesema "kuvukishia" amebandika *-ish-* kwenye mzizi ambao tayari una njia yake ya kutendesha. Ni kosa la kundi moja na "kumbukisha" na "angukisha". Kila uonapo kitenzi kinachoishia *-ka*, kabla ya kuongeza *-ish-* jaribu kwanza kugeuza hiyo k iwe sh. Neno likija mdomoni lenyewe, hilo ndilo.

Mimi ni mama lishe Kivinje. Mwanangu wa darasa la sita ameandika "kisu cha kupaia samaki". Nikamwambia tunasema "kupalia". Akaniuliza: "Mama, kitenzi ni kupaa, L imetoka wapi?" Nikakosa jibu.

Mama, sikio lako ni sahihi, na mtoto wako ameuliza swali zuri kuliko yote ya mwezi huu.

Tazama vitenzi vinavyoishia na irabu mbili zilizofuatana: paa, vaa, kaa, toa, pokea, vua, fungua, bangua. Ukivitia katika kutendea, hakuna hata kimoja kinachopokea *-i-* au *-e-* peke yake. Vyote vinadai L: palia, valia, kalia, tolea, pokelea, vulia, fungulia, bangulia. Huko kwenu vyombo vya kazi vinatajwa hivyo kila siku: ndoana ya kuvulia, mashine ya kubangulia korosho.

L hiyo haikuzushwa ili kurahisisha matamshi. Kwa sehemu kubwa ilikuwamo ndani ya kitenzi tangu zamani, ikadondoka pale ilipobanwa kati ya irabu mbili mwishoni mwa neno. Ushahidi uko katika lugha ndugu. Njia ya zamani ya misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa ilipita katika nchi ya Wayao. Myao husema *kuwala* pale sisi tunaposema kuvaa. Ng'ambo ya ziwa, Mchewa husema *kuvala*, na kwa kukaa husema *kukhala*. Wao wameitunza L mahali petu ilipopotea. Sisi tumeitunza ndani tu, chini ya kinyambulisho.

Na huhitaji kwenda mpaka Nyasa. Hata ndani ya Kiswahili L hiyo imeacha alama nyingine. Aliyekaa mahali ni mkazi. Kinachovaliwa ni vazi. Aliyezaa ni mzazi. Z hiyo imetoka wapi, ikiwa vitenzi ni kaa, vaa na zaa? Ni L ileile, iliyogeuka z ilipokutana na *-i* inayounda majina.

Kwa hiyo mfundishe mwanao kipimo kimoja: akiwa na shaka, akitie kitenzi katika kauli ya kutendwa. Samaki hupaliwa, mlango hufunguliwa, korosho hubanguliwa, pesa hutolewa. Ni nadra mtoto aliyekulia Kivinje aseme "mlango umefunguwa". Konsonanti anayoisikia hapo ndiyo ataiandika kwenye kutendea: paliwa, palia, tolewa, tolea. Kipimo hiki pia kinamwokoa anayechanganya l na r katika maandishi, maana akishajua kuwa ni "kufunguliwa" hataandika "kufunguria".

Kipimo kina mpaka wake. Si kila kitenzi chenye irabu mbili kilikuwa na L tangu asili. *Sahau* limetoka Kiarabu, na huko L haikuwamo kabisa. Hata hivyo tunasema sahaulika na sahaulisha, na *dharau* nalo limetupa dharaulika. Mazoea yalikuwa na nguvu kiasi kwamba mgeni alipoingia na irabu mbili alivishwa L kama wenyeji. Kwa mwandishi hilo ni nafuu: kanuni ya tahajia inabaki ileile.

Nafanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi, Lindi. Tunasema "kujaza maji", lakini ukisema kitenzi ni "jaa" na kina L iliyojificha, mbona hatusemi "jalisha"? Na pampu ni "ya kujazia" au "ya kujazilia"?

Umegusa penyewe. Katika *jaa* mnayo L iliyojificha, na kutendesha kwake ni kule kwa zamani nilikokueleza kwenye mashua. Pale k iliyeyuka ikawa sh. Hapa L imeyeyuka ikawa *z*. Jaa, jaza. Na wenziwe ni wengi: pungua, punguza, potea, poteza, tembea, tembeza, kimbia, kimbiza, ingia, ingiza, kataa, kataza. Hata lala, ambayo L yake iko wazi machoni pa kila mtu, ikitendesha inakuwa *laza*. Mfano huo unaonyesha mageuzi yote mchana kweupe.

Kwa hiyo pampu ni "ya kujazia maji". L haiwezi kurudi tena katika "kujazilia", kwa sababu imeshageuka kuwa z hiyo unayoitamka. Ukiiandika tena umeihesabu mara mbili.

Ila sitakudanganya kuwa kila kitenzi cha irabu mbili hufuata njia hiyo. *Zaa* hatusemi "zaza", tunasema zalisha: hapa L imebaki kuwa L na *-ish-* ikaongezwa baada yake. *Jua* kina njia zote mbili, juza na julisha. *Vaa* kina visha, na wapo wanaosema valisha. Kitenzi kipi kimefuata njia ipi ni suala la historia ya neno lenyewe, wala mantiki haitoshi kulitabiri. Hapo fungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mara ya kwanza mwaka 1981, huonyesha maumbo yaliyonyambuliwa kwa ufupi ndani ya maelezo ya kitenzi. Wengi husoma maana tu wakaufunga ukurasa, ilhali jibu la tahajia liko mistari miwili chini.

Katika barua ya kuomba msaada niandike "pesa za kusomeshia watoto" au "kusomeshea"? Na "umpelekee" si irabu zimezidi?

Andika "kusomeshea". Kinyambulisho huangalia irabu iliyo karibu nacho upande wa kushoto. Ikiwa ni e au o, chenyewe kinakuwa e. Ikiwa ni a, i au u, kinakuwa i. Katika *soma* irabu ni o, ndiyo maana ya *-esh-*. Kisha e ya *-esh-* nayo inavuta e nyingine: *som-esh-e-a*. Ndivyo ilivyo pia elezea na ongezea, lakini jazia na punguzia.

"Umpelekee" ni sahihi. E ya kwanza kati ya zile mbili ni kinyambulisho cha kutendea, kutoka pelekea. Ya pili ni kiishio cha ombi au amri. Watu huona e mbili wakadhani mkono umeteleza, wakasahihisha kuwa "umpelekie", na hapo ndipo wanapokosea. Linganisha na "umpikie": hapo i inastahili, kwa sababu mzizi ni *pik-*.

Je, "pisha" na "pitisha" ni neno moja?

Yametoka kwa *pita*, lakini yameachana. *Pisha* ni kumwachia mtu nafasi apite: "Naomba unipishe." *Pitisha* ni kufanya kitu kipite, kama baraza la madiwani linavyopitisha bajeti. *Ona* nayo ina *onya*, kumtahadharisha mtu, na *onyesha*, kumfanya aone. Kitenzi kinapokuwa na kutendesha kuwili, usifikiri kumojawapo ni makosa kabla ya kuangalia kama lugha imezigawia kauli hizo kazi tofauti.

Nyumba ya wageni hapa Lindi imeandika "chumba cha kulia". Mgeni mmoja kauliza, cha kulia machozi?

Cha kulia chakula. Kitenzi *la* kina mzizi wa konsonanti moja, *l-*, na kutendea kwake ni *l-i-a*. Hiyo L si ile iliyojificha, ni mzizi mzima. Kitenzi cha machozi ni *lia*, chenye irabu mbili mwishoni, kwa hiyo kinadai L yake kama vile vya mama lishe wa Kivinje. Mahali pa kumwagia machozi pangeandikwa "chumba cha kulilia". Kibao kibaki kilivyo.