Tenda ya serikali: hesabu miezi kabla ya faida

*Dada, nina duka la vifaa vya ofisi hapa Morogoro: rimu za karatasi, mafaili, tona za printa. Mtaji wangu ni kama milioni 7. Jirani yangu ananiambia nijisajili niuzie ofisi za serikali, na kwamba kuna oda ya milioni 6 inakuja. Kuna taasisi ya mikopo iko tayari kunipa milioni 5 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Nasikia serikali inachelewa kulipa lakini hailipi nusu. Niingie? — Mwenye Duka*

Mdogo wangu, swali lako lina maswali mawili ndani yake. Kujisajili, ndiyo, anza wiki hii. Kuchukua ule mkopo kwa ajili ya ile oda, hapana, na nitakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe.

Tuanze na usajili. Tangu 2023 ununuzi wa umma Tanzania umehamia kwenye mfumo mmoja wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Unaingia nest.go.tz na kufungua akaunti ya mzabuni. Huhitaji wakala wa kukuuzia "nafasi", na bahasha ya kupeleka kwa afisa ununuzi haina kazi tena. Unachohitaji ni namba yako ya mlipakodi, yaani TIN, usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, leseni ya biashara iliyo hai, na cheti cha TRA kinachoonyesha kuwa mambo yako ya kodi yako sawa. Leseni ya halmashauri siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa Tausi. Angalia tarehe yake ya kuisha, maana watu wengi hukwama hapo siku ya kuomba zabuni.

Ukishaingia utachagua aina za biashara unazofanya. Usichague haraka haraka. Zabuni unazoweza kuomba zinafuata ulichochagua hapo, kwa hiyo ukiandika vifaa vya ofisi peke yake ilhali unauza na tona na vipuri vya printa, zabuni ya tona itakupita.

Jambo jingine linaonekana dogo, nalo limewachelewesha watu malipo kwa wiki nyingi: majina. Jina lililo kwenye TIN, jina la BRELA na jina la akaunti ya benki yalingane herufi kwa herufi. Kama BRELA inakujua kama "Neema Stationery Supplies" na benki inakujua kwa jina lako la ubatizo, fedha inaweza kutoka serikalini, ikafika benki, ikarudishwa. Hapo unaanza upya foleni ya malipo. Fungua akaunti ya biashara kwa jina lile lile kabla ya zabuni ya kwanza.

Huenda umesikia pia kuhusu asilimia 30. Ni kweli: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ila usidhani kuwa mwanamke tu kunakuingiza. Usajili wa kundi maalumu una utaratibu wake, na mlango wa kuanzia ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako.

Sasa oda ya milioni 6. Tuseme bidhaa zitakugharimu 4,900,000 kwa muuzaji wa jumla Dar, na usafiri 150,000. Kwenye karatasi faida yako ni 950,000. Inavutia. Lakini riba ya asilimia 5 kwa milioni 5 ni 250,000 kila mwezi. Ukilipwa baada ya mwezi mmoja unabaki na 700,000. Baada ya miezi mitatu unabaki na 200,000. Mwezi wa nne ukiisha umeingia hasara ya 50,000, na kila mwezi unaofuata unaongeza 250,000 juu yake. Serikali itakuwa imelipa kila shilingi iliyoandikwa kwenye ankara, nawe utakuwa umefanya kazi bure.

Tena hutapokea milioni 6 kamili. Kwa bidhaa zinazouzwa serikalini, mlipaji anakata kodi ya zuio ya asilimia 2, yaani 120,000. Hiyo si hasara, ni kodi iliyotangulia, na ukiwa na hati yake utaipunguza kwenye kodi yako ya mapato. Lakini siku ya kurudisha mkopo haipo mfukoni, kwa hiyo kwenye hesabu ya fedha taslimu andika 5,880,000.

"Basi nitatumia mtaji wangu," utaniambia. Haya, tuone. Mtaji wa milioni 7 ukikuzalishia faida ya asilimia 20 kwa mwezi ni 1,400,000. Tuseme pango, mshahara wa kijana wa dukani, umeme na matumizi ya nyumbani vinakula 1,100,000. Sasa toa 5,050,000 uweke kwenye oda. Dukani inabaki bidhaa ya 1,950,000, inayozalisha kama 390,000. Mwezi wa kwanza umepungukiwa 710,000, na hizo zitatoka kwenye bidhaa ile ile iliyobaki. Mwezi wa pili duka limekuwa dogo zaidi na pengo limekuwa kubwa zaidi. Mwezi wa tatu rafu ni tupu. Wateja wa kila siku wameshahamia duka la pili, na ofisi bado inadaiwa.

Ndiyo maana nakwambia ukomo wako uuhesabu kutoka dukani. Ukubwa wa tenda usikuamulie. Ili duka lilipe 1,100,000 kwa mwezi kwa faida ya asilimia 20, linahitaji bidhaa ya 5,500,000. Kwa hiyo fedha unayoweza kuitoa na kuisahau ni 1,500,000 tu. Hiyo ndiyo inakupa oda yako ya kwanza, kama milioni 1.8 hivi kwa bei ya kuuzia. Ikilipwa, unaweza kuomba kubwa zaidi. Isipolipwa kwa miezi sita, unaumia lakini duka linakwenda na watoto wanakula.

Kabla hujasema muuzaji wa jumla atakukopesha, muulize kwa muda gani. Mkopo wa bidhaa wa siku 30 hauzibi pengo la siku 120. Unakupa mwezi mmoja wa kupumua halafu unadaiwa wewe. Hata kupeleka mzigo kwa awamu kunasaidia tu kama awamu ya kwanza italipwa kabla ya kupeleka ya pili, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Kwa oda kubwa kidogo, zipo benki zinazokopesha kwa kutumia hati ya ununuzi, ile LPO. Kwa mfano riba ikiwa asilimia 2 kwa mwezi, milioni 5 inakugharimu 100,000 kila mwezi, na oda yako ya milioni 6 bado ina faida ya 550,000 baada ya miezi minne. Waulize jambo moja kabla ya kusaini: mkopo unarejeshwa serikali ikilipa, au tarehe maalumu hata kama haijalipa? Jibu likiwa tarehe maalumu, hesabu yako haijabadilika sana. Na gharama ya kusubiri iweke kwenye bei unapoomba, maana ukishashinda bei hairudi nyuma.

Sasa ujue fedha inapokwama, ili usikae nyumbani ukilaumu. Ukipeleka mzigo, kamati ya ukaguzi na mapokezi inauangalia na kuandika hati ya mapokezi. Halafu ankara yako, nakala ya LPO, hati hiyo ya mapokezi na risiti ya EFD vinakwenda uhasibu, inaandaliwa hati ya malipo, inapita ukaguzi wa ndani, kisha inaingia kwenye mfumo wa malipo wa serikali, MUSE. Karatasi moja ikikosekana faili linarudi nyuma, na mara nyingi hakuna atakayekupigia simu. Hivyo baada ya wiki mbili usiulize "pesa yangu lini?" Uliza "faili langu liko meza gani, na kinachokosekana ni nini?" Swali hilo lina jibu.

Ukiambiwa karatasi zimekamilika ila "fedha haijatoka Hazina", hapo tatizo si lako wala la mhasibu. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mzigo uliza kama kifungu kina fedha. Na angalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30. Oda ya Mei au Juni isipolipwa kabla ya tarehe hiyo inaweza kugeuka deni la mwaka uliopita, linalosubiri kuhakikiwa na kutengewa fedha upya. Oda ya Septemba na ya Juni zenye bei sawa si oda sawa. Ya Juni iongezee miezi kwenye hesabu, au iache.

Kuhusu ile oda ambayo jirani "anaijua inakuja": usipeleke hata rimu moja kwa ahadi ya mdomo. Oda halali utaiona kwenye akaunti yako ya NeST. Na akitokea mtu akikupigia simu akijiita afisa ununuzi, akakuambia bidhaa inayotakiwa inapatikana kwa muuzaji mmoja tu ambaye lazima umlipe kwanza, kata simu. Huyo muuzaji na huyo "afisa" ni watu wa kundi moja.

Basi, mwenye duka, kazi yako mwezi huu ni hii. Sahihisha majina, fungua akaunti ya benki ya biashara, kamilisha NeST. Andika 1,500,000 kwenye karatasi uibandike pale unapofanyia hesabu. Tafuta oda ndogo ambayo gharama yake haizidi hapo, na siku ya kupeleka mzigo andika tarehe kwenye daftari. Siku fedha itakapoingia, andika tarehe nyingine. Tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo itakayokuambia ofisi ile inalipa kwa muda gani hasa, na hiyo ndiyo namba utakayotumia kupanga bei ya oda ya pili. Mkopo wa asilimia 5 waachie wenyewe.