SOMO LA AFYA: VIDONGE VYA VIUNGO, TUMBO NA FIGO



Somo hili limeandikwa ili lisomwe kwa sauti katika kikundi, na mwishoni yapo maswali ya kujadiliana. Linahusu vidonge vya kutuliza maumivu ya magoti, kiuno na mabega, ambavyo wengi wetu huvinunua bila kumwona tabibu, hasa wakati wa kuchuma kahawa. Vidonge hivi vina manufaa yake. Lakini mtu akivimeza kila siku kwa majuma mengi, vinaweza kumtoboa tumbo na kuzidhoofisha figo zake huku maumivu ya goti yakiwa yametulia kabisa. Tutaeleza kwa nini mambo haya mawili huenda pamoja.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mwenye umri wa miaka 63, mkulima wa kahawa. Magoti yake yamelika kwa uzee na kwa mizigo ya miaka mingi. Msimu ulipoanza alinunua diklofenaki ya miligramu 50, akawa anameza kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku. Maumivu yalipungua, naye akaendelea na kazi. Juma la tatu jirani yake akamsifia kidonge kingine chenye jina la kibiashara, akakiongeza asubuhi na jioni. Hakujua kwamba ndani ya kidonge hicho mlikuwa na diklofenaki ile ile miligramu 50, ikichanganywa na parasetamoli. Tufanye hesabu. Vidonge vya kwanza vilimpa miligramu 150 kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha juu cha mtu mzima. Vya pili vilimwongezea miligramu 100. Kwa hiyo mzee alikuwa akimeza miligramu 250 kila siku, naye akidhani anatumia dawa mbili tofauti.

Baada ya siku chache alianza kusikia kiungulia na kichefuchefu. Akanunua vidonge vya magneziamu vya kutafuna, kiungulia kikapoa, akaendelea. Kisha choo chake kikawa cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya. Akadhani ni kwa sababu ya mboga alizokula. Akawa anahema akipanda mlima, na kizunguzungu kikamshika kila alipoinuka. Miguu ikavimba, na mkojo ukapungua ingawa alikuwa akinywa maji. Binti yake ndiye aliyempeleka kituo cha afya.

Tabibu akamwuliza, "Shikamoo mzee. Unatumia dawa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Natumia za presha tu, ulizonipa mwenyewe."

"Na za magoti je?"

"Ah, zile si dawa, ni za kutuliza maumivu tu."

Jibu hilo ndilo kiini cha somo letu. Alipopimwa, wingi wa damu ulikuwa gramu 7 kwa desilita, hali mwanamume anatakiwa awe na 13 au zaidi. Kipimo cha kreatinini, yaani taka ambayo figo hupaswa kuitoa, kilikuwa juu karibu mara mbili ya kawaida. Alipelekwa hospitali akaongezewa damu, na mpira mwembamba wenye kamera uliopitishwa kinywani hadi tumboni ukaonyesha kidonda kilichokuwa kikivuja.

NAMNA DAWA INAVYOFANYA KAZI

Mwaka 1971 mtaalamu wa Kiingereza aitwaye John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwa utafiti wake kuhusu kemikali hizo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1982, pamoja na wenzake wawili. Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, indometasini, piroksikamu na meloksikamu hufuata njia hiyo hiyo. Tahajia iliyo kwenye pakiti yaweza kutofautiana kidogo na hii yetu. Soma jina kwa sauti nawe utalitambua.

Katika goti lililovimba, prostaglandini huongeza joto, uvimbe na maumivu. Dawa ikizipunguza, mtu hupata nafuu. Lakini kemikali hizo hizo zina kazi njema mahali pengine. Tumboni huufanya ukuta utoe ute mzito wa kuukinga dhidi ya asidi inayosaga chakula, na huhakikisha kwamba damu ya kutosha inafika kwenye ukuta huo ili mikwaruzo midogo ipone upesi. Katika figo huiacha wazi mishipa inayoleta damu. Kidonge hakichagui goti peke yake. Kikishaingia katika damu huzipunguza prostaglandini kila mahali.

TUMBO

Ute ukipungua, asidi huanza kuula ukuta wa tumbo wenyewe. Wengi wetu tumeambiwa kwamba tukimeza baada ya chakula hatari imekwisha. Chakula hupunguza ule mwasho wa kidonge kinapogusa tumbo, lakini hakirudishi ute uliopotea, kwa kuwa madhara makubwa hupitia katika damu. Ndiyo maana hata mtu aliyechomwa sindano ya diklofenaki bila kumeza chochote anaweza kupata kidonda.

Jambo la pili ni kwamba maumivu ya tumbo si mlinzi wa kutegemewa. Kidonge kinachotuliza goti chaweza pia kuficha uchungu wa kidonda. Watu wengi, hasa wazee, huanza kuvuja damu bila kusikia dalili yoyote kabla. Vidonge vya magneziamu alivyotafuna mzee wetu vilipoza asidi kwa muda mfupi, vikaiondoa dalili na kukiacha kidonda kiendelee.

Damu ikivuja tumboni huchanganyika na asidi na kugeuka nyeusi, hivyo choo huwa cheusi, chenye kunata na harufu kali. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma pia hukifanya choo kuwa cheusi, lakini kwa kawaida hakinati wala hakina harufu hiyo. Mtu asiyetumia vidonge vya chuma akiona choo cheusi, au akitapika kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, asingoje kupambazuke. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kwa anayechanganya vidonge viwili vya kundi hili, na kwa anayetumia pia prednisoloni au dawa ya kuzuia damu isigande.

FIGO

Kuhusu figo, tutumie mfano wa birika la kuoshea kahawa. Maji huingia kwa mfereji wa juu na kutoka kwa mlango wa chini. Ili kahawa ioshwe, kina cha maji lazima kibaki juu. Sasa fikiria kwamba mto umepungua, mtu akauziba nusu mfereji wa kuingizia, na mwingine akaufungua sana mlango wa kutokea. Kina kitashuka na kazi itasimama, ingawa birika lenyewe halijapasuka.

Figo huchuja damu kwa namna hiyo, kwa nguvu ya msukumo. Mwili ukipungukiwa na maji, prostaglandini huupanua mshipa wa kuingizia damu ili msukumo usishuke. Diklofenaki huondoa msaada huo, na mshipa ukasinyaa. Mzee wetu alikuwa pia akitumia losartani ya presha, ambayo huulegeza mshipa wa kutokea, pamoja na kidonge cha kuongeza mkojo, ambacho hupunguza maji mwilini. Kila moja ya dawa hizo mbili ilikuwa na kazi yake njema. Zilipokutana na diklofenaki, na jua la shambani likamkausha, msukumo ulishuka na uchujaji ukadhoofika. Maji na chumvi vikabaki mwilini, miguu ikavimba, na presha yenyewe ikapanda.

Figo haziumi zinapodhoofika. Dalili ni mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, na uchovu usioeleweka. Na mara nyingi hakuna dalili hata moja mpaka damu ipimwe. Habari njema ni kwamba kidonge kikiachwa mapema, figo nyingi hurudia kazi yake. Kreatinini ya mzee ilishuka karibu na kawaida baada ya majuma mawili. Ambaye amevimeza kwa miaka mingi, au aliyekuwa na ugonjwa wa figo tangu awali, huenda asirudi alipokuwa.

MZEE ALIELEZWA AFANYE NINI

Kwanza, aliachishwa vidonge vyote vya kundi hili, akapewa omeprazoli ya kupunguza asidi ili kidonda kipone. Alipimwa pia bakteria wa tumboni aitwaye helikobakta, kwa kuwa naye huleta vidonda na hutibika kwa dawa.

Pili, kwa maumivu alipewa diklofenaki ya kupaka gotini, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya dawa hiyo huingia katika damu. Aliruhusiwa kutumia parasetamoli siku zenye maumivu zaidi. Parasetamoli nayo ina mpaka: mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, maana ikizidi huharibu ini. Mnywaji wa pombe, aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza, kwa sababu mpaka wake ni mdogo zaidi.

Tatu, alifundishwa zoezi la kukaa kitini, kunyoosha mguu mmoja, kuushikilia huku akihesabu hadi tano, na kurudia mara kumi kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukiwa imara hulipunguzia goti mzigo. Pia hubeba sasa nusu debe kwa safari mbili badala ya debe zima kwa safari moja.

Si kila mtu anakatazwa vidonge hivi. Mtu ambaye hana hatari tulizozitaja anaweza kuvitumia kwa siku chache, kwa kipimo kidogo kinachomtosha, kisha akaacha. Anayehitaji zaidi ya hapo apimwe presha, damu na figo, na amwulize tabibu kama apewe dawa ya kulinda tumbo. Anayetumia aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, au dawa za presha, asiziache kwa kusoma somo hili. Azipeleke zote kwa tabibu pamoja na pakiti za vidonge vya maumivu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kila mmoja alete pakiti ya vidonge vya maumivu alivyonavyo nyumbani. Je, zipo pakiti mbili zenye majina tofauti na dawa ile ile ndani?

2. Kwa nini kumeza baada ya chakula, au kuchomwa sindano, hakuliondolei tumbo hatari yote?

3. Mwanachama anatumia dawa ya presha na ameharisha siku mbili. Anataka kumeza ibuprofeni kwa ajili ya kiuno. Mtamshauri nini, na kwa sababu gani?