Saa Kumi Isiyokuwa Saa Kumi: Lugha ya Maelekezo ya Roboti na Ubora wa Majibu Yake

Makala haya yanachunguza swali linalowahusu wanaisimu kama linavyowahusu mafundi wa tarakilishi. Mtu anapoitungia roboti ya mazungumzo maelekezo, yaani maandishi ya awali yanayoiagiza ijibu nini na vipi, ayatunge kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Mfano wetu ni roboti ndogo niliyosaidia kuitunga kwa ajili ya wanawake wanaochokoa pweza mwambani baina ya Watamu na Mayungu, kusini mwa Malindi. Kazi yake ni moja tu: kutaja saa za maji kupwa na kujaa.

Wengi hushauri Kiingereza, na ushauri huo una msingi. Modeli hizi zimefunzwa kwa matini nyingi mno za Kiingereza na chache za Kiswahili. Majaribio ya IrokoBench ya mwaka 2024, yaliyohusisha lugha zaidi ya 15 za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, yalionyesha kuwa modeli hufanya vyema zaidi zikiulizwa kwa Kiingereza. Isitoshe, modeli hukatakata maneno kuwa tokeni, na neno la Kiswahili lenye viambishi vingi, kama vile "hawakupwelewa", hukatwa vipande vingi kuliko neno la kawaida la Kiingereza. Maelekezo yaleyale kwa Kiswahili huwa marefu na ghali zaidi.

Kwa hiyo tulianza kwa Kiingereza. Masharti yalifuatwa barabara: roboti haikujibu maswali ya nje ya kazi yake, wala haikubuni tarehe. Kasoro ilijitokeza katika Kiswahili chenyewe. Bamvua, neno ambalo kila mvuvi wa pwani hii analijua, liligeuka "mawimbi ya majira ya kuchipua", kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa bamvua na kwa msimu wa kuchipua majani. Hilo lilituchekesha. Lililofuata halikuchekesha. Sehemu ya maelekezo ilisomeka hivi:

```
Low tide is at 10:05 am (spring tide). Answer in Swahili.
```

Jibu likawa kwamba maji yatapwa "saa kumi na dakika tano asubuhi". Msomaji anajua kuwa wakati huo kwa Kiswahili ni saa nne na dakika tano. Modeli ilitafsiri tarakimu, haikutafsiri saa. Ikumbukwe kwamba pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita. Kosa la saa sita basi si kosa dogo la ratiba, kwani linageuza kupwa kuwa kujaa. Mama atakayeamini jibu hilo atafika ufukweni alfajiri ya saa kumi, gizani, akute mwamba umefunikwa na maji ambayo wakati wa bamvua hupanda hata kuzidi mita 3.

Tulipoyaandika maelekezo yote kwa Kiswahili, bamvua ilirudi na saa zikanyooka. Hata hivyo, sharti refu lenye "isipokuwa" na "endapo" ndani yake lilianza kupuuzwa, na tarehe isiyokuwamo katika jedwali ikapewa saa za kubuni. Kwa maoni yangu, hili ni kosa baya kuliko lile la kwanza. Mama mzoefu angeshtuka kuambiwa maji yanapwa saa kumi siku ya bamvua, lakini saa ya kubuni inayokaribia ukweli haimshtui mtu.

Ndipo tukagawa kazi. Masharti yakabaki kwa Kiingereza, nayo istilahi, saa na kauli za kujibia zikaandikwa kwa Kiswahili:

```
Use only the times in the table. Copy them as written.
KUPWA: saa 4:05 asubuhi, bamvua
If the date is not in the table, say: Sina saa za siku hiyo.
```

Neno la msingi hapo ni kunakili. Saa hugeuzwa na programu ya kawaida, kwa kuondoa au kuongeza sita, kabla modeli haijaziona.

Ili kupima, tulitunga maswali 20 yaleyale, tukayauliza chini ya kila aina ya maelekezo, kisha wasomaji wawili wakayahakiki majibu bila kujua yametokana na maelekezo yapi. Maswali mafupi yalifichua mengi kuliko marefu. "Watamu kesho?" halina dalili ya lugha, na chini ya maelekezo ya Kiingereza matupu lilijibiwa kwa Kiingereza.

Swali moja lingali linatusumbua. Kwa wazee wengi wa hapa, "usiku wa Ijumaa" ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku huanza magharibi. Kwa modeli, na kwa vijana wengi pia, ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwa sasa roboti imeagizwa iulize kwanza: "Wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?"