Mkunjuko wa Protini kwa Joto: Upimaji wa Badiliko la Uwezo-joto katika Lisozimu ya Ute wa Yai

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jotoridi ambalo protini hukunjuka halitoshi, peke yake, kutuambia protini hiyo ni imara kiasi gani katika jotoridi la kawaida la maabara au la mwili. Kiasi kinachokosekana ni badiliko la uwezo-joto, yaani tofauti kati ya joto linalohitajika kuipandisha protini iliyokunjuka digrii moja na lile linalohitajika kuipandisha protini iliyokunjika vema. Kiasi hiki ni kidogo, kukipima ni kazi ngumu, na mara nyingi husomwa kutoka mahali ambapo hakisomeki vizuri. Mfano wetu ni lisozimu ya ute wa yai la kuku, kimeng'enya chenye asidi amino 129 na vifungo vinne vya salfa kwa salfa, ambacho kimechunguzwa kwa kalorimita kuliko protini nyingi nyingine. P. L. Privalov na N. N. Khechinashvili walikijumuisha katika uchunguzi wao wa mwaka 1974 kuhusu protini kadhaa za umbo la tufe, na uchunguzi huo ndio uliozijengea misingi njia tutakazozieleza.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Wataalamu wengi huliita jotoridi hilo "jotoridi la kuyeyuka", kwa kuilinganisha protini na barafu. Ulinganisho huo una kasoro. Barafu safi huyeyuka katika nukta moja ya jotoridi, lakini mkunjuko wa protini hutandaa katika digrii kadhaa, kwa kuwa kila molekuli ni mfumo mdogo unaojitegemea. Katika makala haya tutatumia "jotoridi la mkunjuko", na kwa alama Tm, tukimaanisha jotoridi ambalo nusu ya molekuli zimekunjuka na nusu hazijakunjuka.

2.0 Chombo na kinachopimwa

Kalorimita linganishi ya mpandisho ina vyumba viwili vidogo vinavyofanana. Kimoja hutiwa mmumunyo wa protini, na kingine hutiwa bafa ileile isiyo na protini. Vyote viwili hupashwa joto kwa mwendo sawa, tuseme digrii moja kwa dakika, na chombo hurekodi umeme wa ziada unaohitajika ili chumba chenye protini kisibaki nyuma. Umeme huo, ukigawanywa kwa mwendo wa mpandisho, ndio tofauti ya uwezo-joto kati ya vyumba hivyo.

Yafaa msomaji atambue udogo wa tofauti hii. Tuchukue chumba cha nusu mililita chenye lisozimu miligramu moja kwa mililita. Maji yaliyomo yana uwezo-joto wa takriban juli 2.1 kwa kelvini. Badiliko la uwezo-joto la miligramu nusu ya lisozimu inapokunjuka ni takriban juli 0.00023 kwa kelvini. Kwa hiyo tunatafuta sehemu moja katika elfu tisa za kile kilichomo chumbani. Ndiyo sababu mpandisho wa bafa dhidi ya bafa hufanywa kwanza, mara kadhaa, mpaka mistari ifuatane bila kuachana. Na ndiyo sababu protini hudayalaizishwa dhidi ya bafa ileile itakayowekwa katika chumba cha pili. Anayeruka hatua hii atapata mchoro, lakini hatakuwa na haki ya kusoma chochote kutoka humo isipokuwa Tm.

Mchoro wenyewe una sehemu tatu. Kwanza kuna mstari unaopanda polepole, ambao ni uwezo-joto wa protini iliyokunjika. Kisha kunainuka kilele, ambacho ni joto linalomezwa wakati umbo linavunjika. Mwisho kuna mstari mwingine ulio juu kidogo kuliko wa kwanza, ambao ni uwezo-joto wa protini iliyokunjuka. Eneo lililo chini ya kilele ni enthalpi ya mkunjuko, ΔH. Mwachano wa mistari miwili, ikirefushwa hadi kukutana na Tm, ni badiliko la uwezo-joto, ΔCp.

3.0 Je, ni hali mbili tu?

Hesabu zote zinazofuata zinachukulia kwamba molekuli huwa ama imekunjika ama imekunjuka, bila kituo cha katikati. Dhana hii haipaswi kukubaliwa kwa imani, kwa sababu kalorimita inatupatia njia ya kuipima. Enthalpi hupatikana kwa njia mbili zisizotegemeana: kwa eneo la kilele, na kwa ukali wa kilele kufuatana na mlingano wa van't Hoff:

ΔH(vH) = 4R·Tm²·Cp(kilele) / ΔH(eneo)

Kwa lisozimu katika mmumunyo wenye pH ya karibu 4.5, Tm ni takriban 77 °C, yaani 350 K, na eneo la kilele ni takriban 565 kJ/mol. Ikiwa hali ni mbili tu, kilele kinapaswa kuinuka kiasi cha 78 kJ/(mol·K) juu ya mstari wa msingi, na upana wake katika nusu ya kimo uwe digrii sita hivi. Hivyo ndivyo kinavyoonekana, kwa ukaribu wa asilimia chache. Kama molekuli ingekunjuka kwa sehemu, kila sehemu kwa wakati wake, kilele kingekuwa kipana na kifupi, na enthalpi ya van't Hoff ingekuwa ndogo kuliko ile ya eneo. Ikiwa kubwa kuliko ile ya eneo, mara nyingi ni dalili kwamba molekuli zinakunjuka zikiwa zimeshikana.

Hata hivyo, kuna mtego. Enthalpi ya eneo hutegemea ukolezi wa protini uliopimwa, ilhali ile ya van't Hoff haitegemei, kwa kuwa kosa la ukolezi hugusa kimo na eneo kwa kiasi kilekile na kufutika. Uwiano wa 0.9 unaweza basi kuwa habari kuhusu protini, au habari kuhusu pipeti. Mtafiti mwangalifu hupima ukolezi upya kwa ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 280 kabla ya kuanza kuzungumzia vituo vya katikati.

Jaribio la pili ni la urejevu. Mmumunyo hupozwa ndani ya chumba na kupashwa tena. Lisozimu katika asidi hurudisha karibu eneo lote la awali, hasa mpandisho wa kwanza ukikomeshwa digrii chache tu baada ya kilele. Kama kilele hakirudi, au mstari baada ya kilele unaporomoka kwa mikwaruzo, molekuli zimegandamana. Na kama Tm inahama mwendo wa mpandisho unapobadilishwa, basi tunachopima ni kasi ya mmenyuko wala si mizani ya hali mbili. Enthalpi inayopatikana hapo haina nafasi katika milinganyo ya chini.

4.0 Badiliko la uwezo-joto lisomwe wapi?

Kilele cha lisozimu kina kimo cha 78, nayo ngazi tunayoitafuta ni takriban 6.5 tu katika vizio vilevile. Kuisoma kutoka mpandisho mmoja ni kurefusha mistari miwili chini ya kilele kilicho mara kumi na mbili ya ngazi yenyewe. Mistari hiyo haina mteremko sawa: ule wa protini iliyokunjika hupanda kwa uthabiti, nao ule wa protini iliyokunjuka hupinda na kulala kadiri jotoridi linavyozidi. Mkono ukipotoka kidogo katika kuchora, ngazi hutoka 5 au 9. Kwa maoni yetu, thamani ya ΔCp iliyosomwa kwa mpandisho mmoja ichukuliwe kuwa makisio tu.

Njia bora ni kuibadili Tm yenyewe kwa kubadili pH, kisha kuchora ΔH dhidi ya Tm. Mteremko wa mstari ni ΔCp. Lisozimu katika pH 2.0 hukunjuka kwenye takriban 55 °C, ikimeza kiasi cha 420 kJ/mol. Katika pH 4.5, kama tulivyosema, ni 77 °C na 565 kJ/mol. Kati ya ncha hizi mbili tofauti ni 145 kJ/mol kwa digrii 22, yaani kama 6.6, pointi za katikati zikiingizwa, mstari hutulia karibu na 6.5 kJ/(mol·K). Uzuri wa njia hii ni kwamba hutegemea eneo la kilele, ambalo ndilo chombo hupima vizuri kuliko vyote.

Sharti lake ni kwamba badiliko la pH lisilete joto lake lenyewe. Katika upande wa asidi sharti hili hutimia kwa kadiri nzuri, kwa sababu vikundi vya kaboksili hupokea na kutoa protoni kwa joto dogo sana. Bafa nazo zichaguliwe kwa kanuni hiyo: asetati, au glisini katika asidi, hufaa, Trisi haifai, kwani huambatana na joto la takriban 47 kJ kwa kila moli ya protoni.

5.0 Uzito wa tofauti hiyo

Sasa tuone kwa nini 5 au 9 badala ya 6.5 si jambo dogo. Uimara katika jotoridi lolote T ni nishati huru ya mkunjuko:

ΔG(T) = ΔH(1 − T/Tm) − ΔCp[(Tm − T) + T·ln(T/Tm)]

Kwa T ya 25 °C, sehemu ya kwanza ni 83.9 kJ/mol, na mabano ya pili ni 4.07 K. Kwa ΔCp ya 6.5 tunapata 57.5 kJ/mol. Kwa 5 tungepata 63.6, na kwa 9 tungepata 47.3. Ukipuuza ΔCp kabisa, unabaki na 84. Tm ni ileile katika hesabu zote nne. Kwa lugha ya molekuli, 57.5 maana yake ni kwamba katika 25 °C molekuli moja kati ya takriban bilioni kumi na mbili imekunjuka, 47.3 maana yake ni moja kati ya milioni mia mbili hivi. Anayelinganisha protini mbili kwa Tm peke yake anachukulia, bila kusema, kwamba ΔH na ΔCp zao zinafanana.

Chanzo cha ΔCp kinajulikana kwa sehemu kubwa. Protini inapokunjuka, sehemu zake zisizopatana na maji, ambazo zilijificha ndani, hufunuliwa. Maji yanayozizunguka hujipanga, na mpangilio huo huvunjika polepole kadiri joto linavyozidi. Kuuvunja ndiko kunakomeza joto la ziada. W. Kauzmann aliweka hoja ya sehemu hizi katikati ya mjadala wa uimara wa protini mwaka 1959. Kwa hiyo ΔCp huongezeka pamoja na eneo linalofunuliwa, nalo eneo hilo huenda pamoja na ukubwa wa protini.

Alama chanya ya ΔCp ina tokeo jingine: mchoro wa ΔG ni upinde wenye kilele, na hushuka pande zote mbili. Baridi nayo, kinadharia, hukunjua protini. Kwa thamani zetu za lisozimu kilele cha upinde kiko karibu na 0 °C, hivyo upande wa baridi unaangukia mbali chini ya kiwango cha kuganda, na si rahisi kuufikia bila kuongeza kemikali ya kudhoofisha umbo. Kwa mayoglobini katika mmumunyo wa asidi hali ni tofauti: mwaka 1986 Privalov na wenzake walionyesha kwa kalorimita mkunjuko wake kwa baridi, ambapo protini ilitoa joto badala ya kulimeza. Ugeukaji huo wa alama ya ΔH ndio hasa ambao mstari wa ΔH dhidi ya Tm huutabiri unaporefushwa upande wa chini, mradi urefushaji huo usivuke mipaka ambayo ΔCp inaweza kuchukuliwa kuwa haibadiliki. Katika jotoridi la juu mipaka hiyo ipo: zaidi ya 80 °C hivi mistari miwili ya uwezo-joto huanza kukaribiana, na ΔCp ya 6.5 haina haki ya kutumika huko.