Akili ikifungika mbele ya mtihani

Tunaijua saa ile: karatasi ya mtihani wa Serikali iko mbele yako, moyo unapiga mbio, na yote uliyojifunza ni kama yamepotea. Hayakupotea; woga umejaza nafasi ya kufikiri. Dalili yake ni kusoma ulizo moja mara tatu bila kulielewa. Hapo weka kalamu chini. Vuta pumzi ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6, mara tano. Kisha ruka ulizo lile, ujibu unalolijua. Tuseme maulizo ni 20 kwa dakika 60: kila moja lipate dakika 2, zitabaki 20 za kurudilia uliyoruka. Tujizoeze hivyo nyumbani, saa ikiwa mezani. Pumzi haifundishi somo ambalo hatukusoma.