Kuchagua Kipimajoto na Kipimaoksijeni cha Nyumbani: Namna ya Kutambua Kifaa Kisichoaminika

Kipimaoksijeni cha kidole hupitisha aina mbili za mwanga kwenye ncha ya kidole: mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Himoglobini iliyobeba oksijeni hufyonza mwanga huo tofauti na ile isiyobeba. Kifaa hulinganisha kiasi kilichofyonzwa kila moyo unapopiga, kisha huonesha asilimia ya himoglobini yenye oksijeni (SpO2) pamoja na idadi ya mapigo kwa dakika (PR). Kwa hiyo, kifaa kisichopata mapigo hakina msingi wa kutoa asilimia yoyote. Ukweli huo ndio unaomwezesha mnunuzi kukipima kifaa chenyewe.

Tatizo kubwa la vifaa hafifu ni kwamba mara nyingi huonekana sahihi kwa mtu mzima wa afya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watafiti walijaribu aina sita za vipimaoksijeni vya bei nafuu kwa watu waliojitolea, ambao oksijeni yao ilishushwa kwa uangalizi na kulinganishwa na damu ya ateri. Aina nne hazikufikia kiwango cha kimataifa cha usahihi. Kosa lilidhihirika zaidi oksijeni iliposhuka, yaani pale hasa mgonjwa anapokihitaji kifaa.

Majaribio matatu kabla ya kulipa

Kwanza, mnunuzi aweke kalamu au kijiti mahali pa kidole. Kifaa kikionesha 98 na mapigo 75 kwa utulivu, kinabuni tarakimu na kiachwe. Pili, ahesabu mapigo yake kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 60 kamili huku kifaa kikiwa kwenye kidole cha mkono mwingine. Tofauti ya mapigo machache ni ya kawaida. Tofauti kubwa inayojirudia si ya kawaida. Tatu, apande ngazi au atembee kwa kasi, kisha apime tena. Mapigo kwenye kioo yasipopanda ilhali moyo unaenda mbio, kifaa hakisomi mwili wake.

Majaribio haya hukamata kifaa kibovu, lakini hayathibitishi kifaa kizuri. Uthibitisho hutokana na vipimo vya maabara. Hivyo, mnunuzi aulize kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kama maelezo yake yanataja kiwango cha ISO 80601-2-61. Herufi zilizochapwa kwenye boksi pekee hazitoshi, kwa kuwa yeyote anaweza kuzichapa.

Mfano wa usomaji

Tuchukulie mkazi wa Dodoma mwenye kikohozi na homa, asubuhi ya baridi ya mwezi Julai. Kifaa kinaonesha SpO2 97 na mapigo 70. Mhudumu anahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono na kupata 112, na pumzi 30 kwa dakika. Kwa kuwa mapigo hayalingani, ile 97 nayo haiaminiki. Vidole ni vya baridi, na kucha zina hina nyeusi. Mhudumu anapasha mikono joto, anachagua kidole kisicho na hina wala rangi, anamkalisha mgonjwa bila kutikisika, na kusubiri dakika moja hadi tarakimu zitulie. Sasa kifaa kinaonesha mapigo 110 na SpO2 91. Mgonjwa huyu anapaswa kupelekwa kituo cha afya mara moja. Hata kama ile 97 ingerudi, pumzi 30 kwa dakika kwa mtu mzima zingetosha kumpeleka.

Kwa mtu mzima aliyetulia, chini ya 94 huhitaji kuonwa na mtaalamu, na chini ya 90 ni dharura. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini mwinuko huo hautoshi kueleza 91 kwa mgonjwa. Aidha, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionesha kuwa upungufu wa oksijeni ulijificha nyuma ya usomaji mzuri takribani mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Vilevile, mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 ilhali oksijeni inayofika mwilini ni kidogo. Kifaa cha kidole cha mtu mzima kisitumiwe kwa mtoto mchanga.

Kipimajoto

Kipimajoto cha kidijitali cha kwapani hujaribiwa kwa kumpima mtu yuleyule mara tatu, kwa kupumzika dakika chache kati ya vipimo. Ncha iguse ngozi kavu na mkono ubanwe hadi mlio usikike. Majibu yakipishana kwa zaidi ya nyuzi 0.2 hadi 0.3, betri ibadilishwe. Yakiendelea kupishana, kifaa kirudishwe. Kwapani, nyuzi 37.5 au zaidi huhesabiwa kuwa homa. Kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso husoma joto la ngozi tu. Kwa hiyo, aliyetoka juani au anayetokwa jasho akae kivulini kwanza kwa dakika 15 na kukausha paji la uso ndipo apimwe.

Mgonjwa anayepumua kwa shida, aliyechanganyikiwa au mwenye midomo ya rangi ya bluu apelekwe kituo cha afya bila kusubiri tarakimu ya kifaa chochote.