Alama 48 za mtihani wa mirathi: ujumbe kwa ndugu yangu wa mwaka wa kwanza

Juzi baada ya Isha uliniuliza kama 70 bado inawezekana katika somo la mirathi. Una 22 kati ya 40 za kazi za darasani, kwa hiyo unahitaji 48 kati ya 60 za mtihani. Ukitaka 80 utahitaji 58, na hiyo sikushauri uipangie. Kufaulu tu, yaani 50, ni 28.

Mtihani una maswali manne, kila moja alama 15: mawili ya hesabu, mawili ya kueleza. Katika kueleza huwa unapata 9. Hata ukipata 14 katika kila swali la hesabu, jumla ni 46. Bado mbili.

Nimetazama jaribio lako. Hisa unazijua, ulichoacha ni kuzijumlisha. Mume amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama, na mali ya shilingi 54,000,000. Uliandika vizuri: mke thumuni, mabinti theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Asili ya mas'ala ni 24, kwa hiyo mafungu ni 3, 16, 4 na 4. Hapo ukagawa mali kwa 24, fungu moja likawa 2,250,000, na warithi wako wakapokea 60,750,000. Hizo milioni sita na ushee zimetoka wapi?

Jumlisha mafungu: ni 27, yamezidi 24. Hii ndiyo aul. Asili inapanda kuwa 27 na kila mmoja anapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Fungu moja ni 2,000,000: mke 6,000,000, mabinti 16,000,000 kila mmoja, baba 8,000,000 na mama 8,000,000. Jumla 54,000,000. Baba hapati ziada ya uasaba, maana hakuna kilichobaki. Mas'ala hii inaitwa Minbariyya, kwa sababu inapokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui.

Andika jumla ya mafungu kabla ya kugusa shilingi, na jumla ya shilingi mwishoni. Ni dakika moja, na pale ndipo zilipokupotea alama nyingi.

Zile mbili zilizobaki zitoke kwenye kueleza, moja kila swali. Wewe hutaja hukumu ukanyamaza. Ukiulizwa aul, taja kwamba hisa hizi zimetoka Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, kisha utaje kwamba Ibn Abbas aliipinga aul, na hoja yake. Kumi hiyo naiona karibu kuliko hiyo 14 ya hesabu, kusema kweli.

Kesho baada ya Asri njoo na mas'ala tatu ulizozitatua mwenyewe. Usinionyeshe majibu kwanza, nionyeshe jumla.